Namba ya GPM imekataa: jinsi ya kusoma kosa kwenye karatasi ya vipimo vya pampu

Karatasi ilirudi siku ya tatu. Pampu ilikuwa ya hoteli moja Zanzibar, na fomu ya vipimo ilitoka kwa wahandisi washauri wa Ghuba, ambao safu yao ya mtiririko imeandikwa GPM peke yake, yaani galoni kwa dakika. Kwenye kibati cha pampu yetu palikuwa na 450 l/min kwa hedi, yaani kimo cha kupandisha maji, ya mita 32. Sisi tukaandika 99 GPM. Wao wakaizungushia duara nyekundu wakaandika pembeni: tuliomba 118, pampu hii ni ndogo.

Pampu haikuwa ndogo. Hesabu nayo ukiikagua kwa kikokotoo haikuwa na kosa la kugawanya. Aliyeifanya ni fundi mwenzangu, mtu mzima kuliko sisi sote karakana, na kwenye ukuta juu ya meza yake kuna jedwali lililoandikwa kwa mkono, lenye mstari unaosema galoni 1 ni lita 4.546. Nikamuuliza, "Mzee, hizi galoni ni za nani?" Akanitazama kama niliyeuliza maji ni ya nani. "Galoni ni galoni, mwanangu."

Hapo ndipo penye tatizo. Galoni ziko mbili. Ya Uingereza ni lita 4.546, na ilitokana na sheria ya vipimo ya mwaka 1824 iliyoifafanua kuwa ujazo wa ratili 10 za maji. Marekani walikuwa wameshajitenga, wakabaki na galoni ya zamani ya mvinyo ya inchi za ujazo 231, ambayo ni lita 3.785. Huku kwetu tulirithi ya Mwingereza, na wazee waliosoma kabla hatujahamia lita wanayo kichwani mpaka leo. Lakini GPM inayoandikwa kwenye orodha za pampu siku hizi, bila neno lingine, karibu kila mara ni ya Marekani.

Kabla sijaenda mbali, nieleze njia ninayoitumia karatasi ya namna hii inaporudi. Sianzi kwa kurudia hesabu yote. Nachukua namba iliyoandikwa, naigawanya kwa namba inayotarajiwa, kisha natazama jibu. Kila kosa la kugeuza vipimo huacha uwiano wake, kama kiatu kinavyoacha alama yake kwenye matope. Ukiujua uwiano, unajua ni nani aliyepita.

Dalili: namba imepungua kwa sehemu moja ya sita, au imezidi kwa sehemu moja ya tano

Gawanya 99 kwa 118.9. Unapata 0.83. Ukigeuza, 118.9 kwa 99, unapata 1.2. Ukiona mojawapo ya namba hizi mbili, acha kutafuta pengine: mtu ametumia galoni ya Uingereza mahali pa galoni ya Marekani, au kinyume chake. Hesabu yenyewe ni hii:

```
450 ÷ 3.785 = 118.9   (galoni ya Marekani, USGPM)
450 ÷ 4.546 =  99.0   (galoni ya Uingereza, IGPM)
```

Dakika haiguswi. Iko pande zote mbili, kwa hiyo unageuza lita tu. Anayetumia Excel ajue kwamba ndani yake "gal" ni ya Marekani, na ya Uingereza ina jina lake:

```
=CONVERT(450,"l","gal")
=CONVERT(450,"l","uk_gal")
```

Ukiandika "l/min" mle ndani itakurudishia #N/A, kwa kuwa haijui kipimo hicho. Mpe "l" peke yake.

Ugumu ni kujua fomu inataka galoni ipi. Ikiwa imeandikwa USGPM au IGPM, umepona. Ikiwa ni GPM tupu, tazama safu nyingine za fomu hiyohiyo. Nguvu ya mota ikiwa katika HP, umeme wa hezi 60, na viwango vinavyotajwa ni vya Marekani, basi galoni ni ya Marekani. Ghuba ndiko kunakohitaji macho mawili. Mitambo yao mikubwa ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari hutajwa kwa MIGD, yaani mamilioni ya galoni za Uingereza kwa siku, wakati pampu za majengo na za viyoyozi katika mji huohuo huandikwa kwa galoni za Marekani. Injinia mmoja anaweza kuwa na galoni zote mbili kwenye dawati lake kabla ya saa nne asubuhi. Mimi nikiwa na shaka huuliza kwa barua pepe ya mstari mmoja: je, GPM yenu ni lita 3.785? Jibu linakuja haraka kuliko karatasi kurudishwa.

Na tafadhali usimuulize mtu wa mtaani. Kwetu galoni ni lile dumu la plastiki, liwe la lita 3, 5 au 10. Kuna mteja aliwahi kuniambia pampu yake inatoa "galoni nane kwa dakika" akimaanisha madumu ya lita 20.

Jinsi ya kuhakikisha bila kumuuliza mtu: nguvu ya maji

Wakati mwingine karatasi si yako, umeletewa tu, na aliyeiandika hapatikani. Hapo kuna kipimo kizuri ambacho wengi hawakitumii. Nguvu ambayo pampu inayapa maji haibadiliki kwa sababu wewe umebadilisha lugha ya vipimo. Ihesabu mara mbili, mara moja kwa vipimo vya mita na mara ya pili kwa vile vya Kimarekani, halafu uone kama majibu yanakutana.

```
kW ya maji = m³/h × mita ÷ 367
HP ya maji = USGPM × futi ÷ 3960
```

Twende na pampu yetu. Lita 450 kwa dakika ni mita za ujazo 27 kwa saa. Zidisha kwa hedi ya mita 32, gawanya kwa 367: unapata kilowati 2.35. Upande wa pili, mita 32 ni futi 105. Galoni 118.9 mara 105, gawanya kwa 3960, ni HP 3.15. HP moja ni kilowati 0.746, kwa hiyo 3.15 ni kilowati 2.35. Yamekutana.

Sasa weka ile 99 ya mzee kwenye kanuni hiyohiyo. Unapata HP 2.63, yaani kilowati 1.96. Kilowati 0.39 zimepotelea wapi? Hazikwenda popote, galoni ndiyo iliyobadilishwa. Karatasi yetu ilikuwa na safu ya nguvu kwenye shafti, kilowati 3.6, na ufanisi wa asilimia 65. Ukigawanya 2.35 kwa 3.6 unapata asilimia 65, sawasawa na ilivyoandikwa. Ukigawanya 1.96 kwa 3.6 unapata asilimia 54. Wahandisi wale waliona asilimia 54 wakadhani tunawauzia pampu mbovu, na kwa namba walizoziona walikuwa na haki.

Ile 3960 yenyewe imebeba galoni ya Marekani ndani yake. HP moja ni ratili-futi 33,000 kwa dakika, na galoni ya Marekani ya maji ina uzito wa ratili 8.33, gawanya hizo mbili utaipata. Galoni ya Uingereza ina ratili 10, ndiyo maana vitabu vya zamani vya Kiingereza vina 3300 mahali hapo. Ukiweka 99 pamoja na 3300 unarudi kwenye HP 3.15. Kwa hiyo mzee wetu hakukosea galoni yake. Ilisafiri tu bila pasipoti.

Kanuni hizi ni za maji safi. Pampu ya kusukuma dizeli au tope hubeba uzito mwingine, na lazima uzidishe kwa uzito wa kitu hicho ukilinganisha na maji.

Kipimo cha pipa

Kama pampu iko mbele yako, huna haja ya kubishana na karatasi. Chukua pipa la chuma. Hili nalo lina kisa chake: ndilo ambalo wazee waliliita pipa la galoni 44 na Wamarekani wanaliita la galoni 55. Pipa moja, majina mawili, kwa sababu ileile. Lakini usiamini jina, maana ukilijaza mpaka mdomoni huzidi lita 200. Mimina ndoo kumi za lita 20 zilizopimwa, piga alama ya rangi mahali maji yalipofika, kisha limwage.

Washa pampu ikivuta kwenye tangi lililo karibu usawa wake. Fungua mdomo wa kutolea kidogokidogo huku ukitazama geji. Mita 32 za maji ni kama baa 3.1, kwa hiyo bana valvu mpaka geji isimame hapo. Hili ndilo watu husahau. Ukiacha bomba wazi, hedi inaanguka na mtiririko unazidi, nawe utaondoka na namba nzuri isiyo ya kweli. Geji ikitulia, elekeza bomba kwenye pipa na ubonyeze saa ya simu.

Kwa lita 450 kwa dakika, alama inafikiwa kwa sekunde 27 hivi. Kama kweli pampu ingekuwa ya galoni 99 za Marekani, yaani lita 375, ingechukua sekunde 32. Tofauti ya sekunde tano inaonekana hata kwa mtu anayebonyeza kwa uzembe. Fanya mara tatu, chukua ya katikati.

Dalili: namba ni kubwa au ndogo kupita akili

Hizi hazinichukui muda. Ukiona 1,703 mahali pa 118.9, mtu amezidisha kwa 3.785 badala ya kugawanya. Uwiano ni 14.3, ambao ndio 3.785 ikizidishwa kwa yenyewe. Galoni ni kubwa kuliko lita, kwa hiyo idadi ya galoni lazima iwe ndogo. Ukiona uwiano wa 60, saa imeingia mahali pa dakika: 7,133 ni galoni kwa saa. Ukiona 7.1, mtu amechukua 27 ya safu ya m³/h akaigeuza kana kwamba ni lita kwa dakika, na uwiano wake ni 0.06.

Kuna moja ya kijanja kidogo. Vibati vya pampu za Italia, ambazo ziko nyingi madukani kwetu, hutumia mkato mahali tunapoweka nukta. 2,4 m³/h ni mbili na nusu kasoro, si ishirini na nne. Ikiwa uwiano wako ni 10 kamili, rudi kwenye kibati na miwani.

Dalili: jibu lina mkia, kama 501.9

Hapa kosa halionekani, na wengine hawaliiti kosa. Unapewa pampu ya zimamoto ya 1,900 l/min, unageuza, unapata 501.9 GPM, unaandika 502. Mkaguzi anaikataa.

Sababu ni kwamba lita ndizo zilizogeuzwa kwanza. Kiwango cha Marekani cha pampu za zimamoto, NFPA 20, kina orodha ya ukubwa unaokubalika kwa galoni, na ndani yake mna 250, 300, 400, 450, 500, 750, 1,000 na kuendelea. Pampu ya 500 GPM ni lita 1,892 kwa dakika. Mtu wa katalogi alizungusha ikawa 1,900, na wewe umezirudisha na mzunguko wake. Hakuna pampu ya 502 kwenye orodha hiyo. Ukipata mkia wa namna hii kwenye pampu ya zimamoto, usiandike ulichokokotoa. Tafuta namba ya orodha iliyo jirani, kisha uthibitishe kwenye cheti cha mtengenezaji. Na usijifariji kwamba ni galoni mbili tu, maana jaribio la pampu hizo hufanywa kwa asilimia 150 ya mtiririko wa jina, yaani ule ulioandikwa kwenye kibati, ambapo shinikizo halitakiwi kushuka chini ya asilimia 65 ya lile la jina. Jina likikosewa, hata vituo vya jaribio vinakosewa.

Kwenye pampu za kawaida mkia una hadithi nyingine. Nimeona karatasi yenye 118.8774 GPM. Desimali nne! Kiwango cha majaribio cha ISO 9906, kwa daraja la 2B, kinaruhusu mtiririko upishane kwa asilimia 8 juu au chini. Asilimia 8 ya 118.9 ni galoni 9.5. Desimali za pale mwisho zinapima nini? Andika namba nzima. Mimi huzungusha kwa kushusha ninapoahidi pampu itatoa nini, na kwa kupandisha ninapoandika mteja anahitaji nini. Kwa hiyo 118.9 yetu iliandikwa 118, si 119.

Ila zungusha mwishoni tu. Anayetumia 0.26 badala ya 0.264 anapata 117 kwa pampu ileile, na akigeuza tena kurudi kwenye lita anapata 443. Lita saba zimevuja bila bomba kupasuka.

Dalili: hesabu ni sahihi, pampu haifiki

Hii ndiyo inayoniletea wateja wenye hasira, na kugeuza vipimo hakuna hatia. Pampu ndogo ya nyumbani ya nusu HP ina kibati kinachosema Q max 40 l/min, H max 40 m. Mtu anageuza kwa usahihi: 10.6 GPM, futi 131. Anaziandika kwenye mstari mmoja wa karatasi. Mnunuzi anasoma kwamba pampu itapandisha galoni 10.6 kwa dakika hadi futi 131.

Tumia tena kipimo cha nguvu ya maji. Lita 40 kwa dakika ni m³/h 2.4, mara mita 40, gawanya kwa 367, ni kilowati 0.26. Mota yenyewe ni ya kilowati 0.37. Ingebidi ufanisi uwe asilimia 70, na pampu ndogo za impela ya pembeni hazifiki hata nusu. Namba hizo mbili haziishi pamoja. 40 ya lita ni pale bomba likiwa wazi bila kupandisha chochote. 40 ya mita ni pale valvu imefungwa na hakuna tone linalotoka. Kati yake kuna mstari unaoshuka.

Kinachofaa kugeuzwa ni jozi. Nenda kwenye grafu ya mtengenezaji, chukua nukta ambayo pampu itafanyia kazi, geuza mtiririko wa nukta hiyo na hedi ya nukta hiyohiyo. Grafu isipopatikana, andika neno "upeo" mbele ya kila namba na uziweke kwenye mistari miwili tofauti.

Karatasi za zamani za visima

Kosa lile la kwanza hugeuka upande wake unapokutana na rekodi za visima virefu vilivyochimbwa wakati wa Mwingereza. Huko mavuno ya kisima huandikwa kwa galoni kwa saa, na hapa galoni ni ya Uingereza. Sema rekodi inasema 1,200. Gawanya kwa 60 upate galoni 20 kwa dakika, zidisha kwa 4.546 upate lita 91. Kwenye karatasi ya kuagizia pampu kwa GPM ya Marekani, hiyo ni 24.

Anayenakili 20 moja kwa moja anaagiza pampu ya lita 76, ndogo, na atalaumiwa kwa maji kidogo. Lakini afadhali huyo. Anayeandika 24 bila kusema ni za nani, halafu muuzaji akazisoma kama za Uingereza, anashusha kisimani pampu ya lita 109. Kisima kinatoa 91. Maji yanashuka hadi kwenye mdomo wa pampu, bomba linaanza kukohoa hewa, na mota iliyokuwa ikipozwa na maji inaanza kujipika yenyewe.

Mstari tuliourudisha Zanzibar uliandikwa hivi, na haukurudi tena:

```
Q = 450 l/min (27 m³/h) = 118 USGPM, kwa H = 32 m (105 ft)
```

Lita zimebaki mbele kwa makusudi. Ndizo zilizo kwenye kibati, na mtu akitilia shaka galoni zangu ana pa kuanzia.